Mtu wa Katikati Asiyekuwepo

Nilikuwa darasa la saba, na swali lenyewe lilikuwa fupi: namba tatu shufwa zinazofuatana zina jumla ya 78. Ile kubwa ni ngapi?

Kama umesahau, namba shufwa ni zile zinazogawanyika kwa mbili bila kubakisha kitu: 2, 4, 6, 8 na wenzake. Zile zingine, 1, 3, 5, 7, ni witiri. Maneno yote mawili yalitujia kutoka Kiarabu, na kama umekaa na majirani Waislamu basi witiri umeshaisikia: ni jina la ile swala ya usiku ambayo rakaa zake hazigawanyiki kwa mbili. Namba shufwa zikifuatana, kila moja inaizidi iliyotangulia kwa mbili. 10, 12, 14. Hivyo tu.

Mimi niliandika 28. Juu yake nikaandika mstari mmoja, 78 ÷ 3 = 26, na chini yake, 24, 26, 28. Nikaenda swali lililofuata.

Karatasi iliporudi, 28 ilikuwa na tiki, lakini ule mstari wangu ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa kando: x iko wapi? Swali lilikuwa la alama tatu. Nilipewa moja. Nilipomfuata mwalimu akaniambia, kwa upole tu, kwamba nilikuwa nimebahatisha. Kugawa kwa tatu si njia, akasema, ni bahati.

Hilo neno ndilo liliniuma, kwa sababu sikuwa nimebahatisha. Nilikuwa nimejifunza kibandani kwa shangazi yangu, ambaye aliuza mboga na nyanya. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kupanga nyanya mafungu. Shangazi alitaka mafungu ya bei moja yalingane, na mimi nilikuwa mvivu wa kuhesabu, kwa hivyo nilipanga kwa macho halafu nikasawazisha: unatoa kwenye fungu kubwa, unaongeza kwenye fungu dogo, mpaka yawe sawa. Sasa chukua mafungu matatu, la 24, la 26 na la 28. Toa nyanya mbili kwa lile kubwa, uzitie kwa lile dogo. Yote matatu yanakuwa 26. Hakuna nyanya iliyoongezeka wala kupotea. Basi ukiambiwa jumla ni 78, gawa kwa tatu upate mafungu yaliyosawazishwa, kisha rudisha zile nyanya mbili zilikotoka. Hiyo si bahati.

Nilinyamaza, nikajifunza x, na nikaendelea na maisha. Miaka ikapita. Mwaka huu mpwa wangu, aliye gredi ya 8, alikuja na swali la aina hiyo hiyo, na mimi, kwa kiburi cha mtu mwenye deni la zamani, nikamwonyesha nyanya. Alielewa papo hapo. Kisha akaniuliza: "Sawa mjomba, na zikiwa nne? Ya katikati ni gani?"

Nilikwama. Kwa tatu kuna ya katikati. Kwa tano pia. Kwa nne hakuna mtu katikati, kuna nafasi tupu. Nilijua jibu la x litatoka, lakini mimi nilikuwa nimeapa kutetea nyanya.

Jibu la swali lake nililipata kwenye karatasi yenye umri wa zaidi ya miaka 3,500.

Karatasi hiyo ni ya mafunjo, ile mimea ya kando ya maji ambayo Wamisri wa kale waliipasua, wakaibandika na kuiandikia. Iliandikwa na karani aitwaye Ahmes yapata mwaka 1550 KK. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba ananakili kutoka kwa maandishi ya zamani zaidi, ya enzi za mfalme Amenemhat wa Tatu, karne mbili na zaidi kabla yake. Mwaka 1858 mwanasheria Mskoti, Alexander Henry Rhind, aliyekuwa Misri kwa sababu za kiafya, aliinunua mjini Luxor. Alifariki mwaka 1863, na baada ya miaka miwili mafunjo hayo yakaingia kwenye jumba kubwa la makumbusho la Uingereza, London, ambako yako hadi leo. Dunia inayaita kwa jina la mnunuzi, Rhind, si la aliyeyaandika. Hayo tumeyazoea.

Ndani yake mna maswali ya hesabu zaidi ya 80. Ahmes aliandika kwa wino mweusi na vichwa vya maswali kwa wino mwekundu, kwa hivyo nilipoona picha yake nilicheka kidogo. Kumbe kalamu nyekundu ya hesabu ina ukoo mrefu. Watafiti wameyapa maswali hayo namba, na linalotuhusu ni la 64.

Swali lenyewe, kwa maneno yangu, linasema hivi: una hekati 10 za shayiri na watu 10. Gawia kila mmoja, lakini kila mtu amzidi mwenzake anayemfuata kwa 1/8 ya hekati. Kila mtu atapata ngapi?

Hekati ni kipimo cha nafaka, karibu lita 4.8. Kitu kama gorogoro mbili hivi, kutegemea gorogoro ni ya nani na imegongwa chini mara ngapi. Kipimo hicho kiligawanywa nusu kwa nusu: nusu, robo, 1/8, 1/16, mpaka 1/64. Kwa hivyo 1/8 haikuwa namba ya kutisha kwa Ahmes. Ilikuwa kopo analolijua.

Angalia swali lilivyo. Kuna orodha ya mafungu. Pengo kati ya fungu na fungu ni moja daima. Jumla imetolewa. Ni lile swali langu la darasa la saba, ila pengo ni 1/8 badala ya 2, na mafungu ni 10 badala ya matatu. Na kumi ni kama nne ya mpwa wangu: haina mtu wa katikati. Wa tano yuko juu kidogo ya katikati, wa sita yuko chini kidogo.

Ahmes anafanya hivi. Kwanza anagawa sawa: hekati 10 kwa watu 10, kila mmoja hekati 1. Haya ni mafungu yaliyosawazishwa, kama nyanya zangu. Anajua kwamba hakuna mtu hata mmoja atakayepata hekati 1 kamili. Ni fungu la mtu asiyekuwepo, lakini analishikilia kwa sababu kila kitu kitapimwa kutoka hapo.

Pili, anatoa 1 kwa 10, anapata 9. Hizi ndizo nafasi zilizo kati ya watu. Watu kumi wakipanga foleni, kati yao mna mapengo tisa, si kumi. Hapa ndipo wengi huanguka mpaka leo, iwe ni kuhesabu nguzo za ua au vituo vya matatu.

Tatu, anachukua nusu ya lile pengo: nusu ya 1/8 ni 1/16. Nilipofika hapa nilisimama. Mbona nusu? Kwa sababu ukitoka kwa mtu wa juu kabisa mpaka wa chini kabisa unapita mapengo tisa mazima, lakini katikati ya foleni iko nusu ya safari hiyo. Kutoka katikati mpaka juu ni mapengo manne na nusu. Ahmes hapendi kusema manne na nusu. Badala ya kukata idadi ya mapengo, anakata pengo lenyewe, kisha anahesabu nusu-pengo tisa. Ni kitu kilekile, lakini hesabu inabaki safi.

Nne, anazidisha: 9 mara 1/16 ni 9/16. Yeye aliandika nusu na 1/16, kwa sababu Wamisri waliandika sehemu kwa kujumlisha vipande vyenye moja juu. Tano, anaongeza hiyo kwa lile fungu la kati: 1 na 9/16. Hilo ndilo fungu la mtu wa kwanza, anayepata zaidi. Baada ya hapo ni kushuka ngazi tu, unatoa 1/8 kwa kila mtu, mpaka wa mwisho anayepata 7/16.

Kisha Ahmes anaorodhesha mafungu yote kumi, moja moja. Mimi nimeyaandika upya kwa kuhesabu vikopo vya 1/16, ili tusisumbuke na sehemu:

25, 23, 21, 19, 17, 15, 13, 11, 9, 7.

Soma tena hiyo orodha. Hizo ni namba kumi za witiri zinazofuatana, na jumla yake ni 160, yaani vikopo vyote vya 1/16 vilivyo ndani ya hekati 10. Ukimvua shayiri na vipimo vyake, swali la 64 linasema: namba kumi witiri zinazofuatana zina jumla ya 160, zitaje. Lingeweza kutoka kwenye mtihani wa wiki jana.

Ukitaka kuhakikisha bila kujumlisha zote, wapange wawili wawili kutoka nje kuja ndani. 25 na 7 ni 32. 23 na 9 ni 32. 21 na 11, 19 na 13, 17 na 15, zote 32. Jozi tano, 160. Kila jozi ni mtu wa juu na mwenzake wa chini, na wakisawazishana kila mmoja anabaki na 16, yaani hekati 1 kamili. Ni zile nyanya mbili tena, zinahama tu kutoka fungu hadi fungu.

Basi nikamrudia mpwa wangu. Namba nne shufwa zinazofuatana, jumla 84. Gawa kwa nne: 21. Yeye akaruka, "Lakini 21 si shufwa!" Ndiyo, na haifai kuwa. 21 ni yule mtu asiyekuwepo. Nne zina mapengo matatu, nusu ya pengo ni 1, kwa hivyo ya juu ni 21 na 3, yaani 24. Shuka kwa mbili mbili: 24, 22, 20, 18. Jumla 84. Alijumlisha mwenyewe kwenye kiganja kwa kidole, akaniangalia kama mtu aliyeona mazingaombwe na bado anatafuta kamba.

Lakini kuna kitu ambacho Ahmes hakulazimika kukijali na sisi tunalazimika. Shayiri inagawanyika. Ukifika kwenye robo unachukua kopo dogo, ukifika kwenye 1/16 unachukua dogo zaidi. Swali la shayiri lina jibu daima, alimradi pengo lisiwe kubwa kiasi cha kumwacha mtu wa mwisho akidaiwa. Namba zetu zinazofuatana hazikubali vipande. Kwa hivyo kuna jumla ambazo hazina jibu kabisa, na mbinu ya katikati inakuonyesha mapema, kabla hujapoteza nusu saa.

Chukua tatu. Fungu la kati ni mojawapo ya namba zenyewe, kwa hivyo lazima liwe shufwa. Jumla ni mara tatu ya shufwa, basi lazima igawanyike kwa 6. Ukipewa 80, gawa kwa tatu: haigawanyiki, funga daftari. Ukipewa 81, inagawanyika, unapata 27, na hapo ndipo mtego ulipo. 25, 27, 29 zinajumlika 81 vizuri kabisa, ila ni witiri. Swali lilitaka shufwa. Jibu sahihi ni kwamba hakuna namba kama hizo.

Kwa nne, mambo yanageuka kichwa chini. Fungu la kati linaangukia kwenye nafasi tupu kati ya shufwa mbili, kwa hivyo lazima liwe witiri. 84 ilikubali kwa sababu 84 gawa kwa 4 ni 21. Ukijaribu 80 unapata 20, na kupanda 3 kutoka hapo kunakupa 23. Umeingia kwa witiri tena: 23, 21, 19, 17. Kwa hivyo 80 inagawanyika kwa nne vizuri, na bado haina namba nne shufwa zinazofuatana. Mtu anayekariri kwamba "gawa tu" atakosea hapa. Anayejua kwa nini anagawa ataona.

Sasa turudi kwa x, maana nimemsema mwalimu vya kutosha.

Herufi yenyewe ni changa kuliko tunavyodhani. Ahmes hakuwa nayo. Mwaka wa takriban 820, kule Baghdadi, Muhammad ibn Musa al-Khuwarizmi aliandika kitabu ambacho ndani ya jina lake mlikuwa na neno al-jabr, ndilo lililotupa aljebra, na hata yeye hakuwa na herufi. Alichokuwa nacho ni neno. Kile asichokijua alikiita kwa Kiarabu "kitu", kisha akaongea nacho kama mtu anayefahamika: kitu na nusu yake, vitu viwili na kumi. Kitabu kizima ni maneno, na sehemu yake kubwa inahusu kugawa mirathi. Ni François Viète, Mfaransa, aliyeanza mwaka 1591 kutumia herufi kwa mpangilio maalum, na ni Mfaransa mwingine, René Descartes, katika kitabu cha 1637, aliyeziweka herufi za mwisho wa alfabeti, x, y na z, ziwe za visivyojulikana. Kati ya Ahmes na ile x iliyokosekana kwenye karatasi yangu kuna takriban miaka 3,200.

Kwa hiyo je, x ni mapambo tu? Nilitamani iwe hivyo. Lakini jaribu hili: namba tatu shufwa zinafuatana, na mara tatu ya ile ndogo inaizidi ile kubwa kwa 20. Zitaje.

Hakuna jumla hapa. Hakuna cha kugawa. Nyanya zangu zimekwama kwenye beseni, na nusu-pengo la Ahmes halina pa kuanzia, kwa sababu hatujui mafungu yaliyosawazishwa ni mangapi. Hapa unahitaji njia ya mtu wa Baghdadi. Iite ile ndogo kitu. Ile kubwa ni kitu na 4. Mara tatu ya kitu ni sawa na ile kubwa na 20 juu yake, yaani kitu na 24. Pande zote mbili kuna kitu kimoja. Kiondoe huku na huku. Vitu viwili vinabaki vikiwa 24, na kitu ni 12. Namba ni 12, 14, 16. Hakiki: 36 toa 16 ni 20.

Nguvu ya x ni hiyo. Inakuruhusu kushika kitu usichokijua na kukitembeza ndani ya swali lolote, hata lililopindwa, mpaka kijitaje. Mbinu ya katikati inataka swali likupe jumla. Ikiipata, inamaliza kwa mistari miwili. Isipoipata, inakaa kimya.

Na x nayo ina ajali zake, hasa kwenye swali hili. Siku ile ya karatasi yangu, wenzangu wengi waliandika x + x + 2 + x + 4 = 78, wakapata 3x + 6 = 78, wakapata x = 24, na wakaandika jibu 24. Wakakosa. Swali lilitaka kubwa, na x ilikuwa ndogo. Ukifika kwenye x = unahisi umefika nyumbani, kumbe uko kwa jirani.

Ajali ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haipigi kelele. Mtu anaandika x, x + 1, x + 2, kwa vile "zinazofuatana" kichwani mwake ni moja moja. Jumla inakuwa 3x + 3 = 78, x ni 25, na namba ni 25, 26, 27. Zijumlishe: 78. Hesabu imekubali! Hakuna sehemu iliyobaki, hakuna namba mbovu ya kukushtua. Njia pekee ya kujua umekosea ni kurudi kwenye maneno ya swali na kuuliza: je, 25 ni shufwa? Kujumlisha peke yake si kuhakiki.

Na kuna ajali ya tatu, dada yake hiyo: ukiambiwa namba ni witiri, unaandika x + 1 na x + 3, kwa sababu 1 na 3 ni witiri. Pengo kati ya witiri na witiri ni mbili vilevile, kama kati ya shufwa na shufwa. Ahmes angekuonyesha kwa vikopo: kutoka 7 hadi 9 ni viwili, kutoka 9 hadi 11 ni viwili.

Kuna njia ya kupatanisha hawa wawili, na ndiyo niliyomfundisha mpwa wangu mwishowe. Weka x katikati. Namba zinakuwa x - 2, x, x + 2. Ukizijumlisha, ile -2 na ile +2 zinafutana, unabaki na 3x = 78. x ni 26. Ni ule mstari wangu uliokatwa, umevaa koti. Zikiwa nne, x inakuwa yule asiyekuwepo: x - 3, x - 1, x + 1, x + 3, na jumla ni 4x. Zile 1 na 3 ndizo nusu-pengo za Ahmes, moja na tatu. Mwalimu atapata x yake, na wewe utaona nyanya zikihama.

Kuna jambo moja kuhusu swali la 64 ambalo halijanitoka. Ahmes anaeleza kila hatua ya kugawa, lakini hasemi kwa nini watu kumi wagawiwe kwa ngazi. Mmoja anapata 25 na mwingine 7, zaidi ya mara tatu, na hakuna sababu iliyoandikwa. Swali linalofuata, la 65, lina mikate 100 kwa watu 10, na humo sababu inaonekana: nahodha wa mashua, msimamizi na bawabu wanapata maradufu. Kule kazi zimetajwa. Kwenye la 64 kuna foleni tu, na pengo, na jumla. Kwa karani wa serikali hayo yalitosha. Nafaka ilipaswa kufika mpaka mtu wa mwisho na ghala lilingane na daftari. Kama mtu wa kumi alirudi nyumbani na chini ya nusu ya hekati na mkewe akamuuliza mbona, hesabu haikuwa na jibu la hilo.

Nilipomweleza mpwa wangu, hilo ndilo lililomshika kuliko nusu-pengo lote. Aliuliza nani alichagua 1/8. Nikamwambia swali limeanza na 1/8 tayari, sisi tunapokea tu. Akaitazama ile orodha, 25, 23, 21, akashuka nayo kwa kidole mpaka mwisho.

"Huyu wa saba," akasema, "angepewa vitatu na huyu wa kwanza, bado wa kwanza angekuwa juu."

Alikuwa ameshaanza kuhamisha nyanya. Nikampa kalamu.